Presha Iliyogunduliwa Sokoni

Shinikizo la juu la damu, ambalo wengi huliita presha ya kupanda, ni hali ya damu kusukuma kuta za mishipa kwa nguvu iliyozidi kiasi, siku baada ya siku, kwa miaka. Aliye nayo mara nyingi hana habari. Anakula, analala, anafanya kazi zake, huku kuta za mishipa zikikakamaa na misuli ya moyo ikinenepa kwa sababu ya kusukuma mzigo mzito. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa karibu nusu ya watu wazima wenye presha duniani hawajui kuwa wanayo. Wengi huijua kwa bahati tu, na mojawapo ya bahati hizo ni meza ya upimaji wa bure inayowekwa sokoni, msikitini, kanisani au kwenye kituo cha mabasi. Meza kama hizo huongezeka kila Mei, kwa kuwa tarehe 17 ya mwezi huo ni Siku ya Shinikizo la Damu Duniani.

Kisa kifuatacho ni cha mfano, lakini kila hatua yake ndiyo inayowakuta watu wengi. Mwanamume wa miaka 47 anauza mchele katika soko la Tandale, Dar es Salaam. Siku hiyo alikuwa sokoni tangu alfajiri akipokea magunia kutoka Mbeya, na mengine aliyabeba mwenyewe kwa sababu wapagazi walichelewa. Saa nne asubuhi alikuwa ameshakunywa vikombe viwili vya kahawa chungu. Alipoiona foleni fupi kwenye meza ya wapimaji, alijiunga nayo kwa sababu tu jirani yake wa kibanda alikuwa amesimama pale.

Kipimo cha kwanza kilisoma 178 kwa 106. Namba ya juu inaonyesha nguvu ya damu moyo unapobana, na ya chini inaonyesha nguvu inayobaki moyo unapolegea kabla ya pigo linalofuata. Zote mbili huhesabiwa kwa milimita za zebaki, kwa kuwa mashine za zamani zilipima kwa nguzo ya madini hayo. Kwa mtu mzima anayepimwa na mhudumu wa afya, 140 kwa 90 ndiyo mpaka unaotumika sana. Namba mojawapo ikifika hapo au kuzidi, presha imepanda.

Muuguzi hakuiandika namba ile kwanza. Aliangalia mkao wa mteja wake. Alikuwa amekaa kwenye kigoda kisicho na egemeo, miguu ameikunja, mkono unaning'inia chini ya usawa wa moyo, na mkono wa shati umekunjwa hadi ukabana juu ya kiwiko. Tena alikuwa anajibizana na mteja kuhusu bei ya kilo. Kila moja kati ya hayo huweza kuipandisha namba. Mkono ulioshuka chini ya moyo huongeza usomaji, na kuzungumza wakati mashine inafanya kazi huongeza pia. Mkanda mdogo kuliko unene wa mkono husoma juu kuliko ukweli, kosa linalowapata hasa watu wanene na wabeba mizigo wenye mikono mikubwa. Kibofu kilichojaa, sigara, kahawa na kazi nzito ndani ya nusu saa iliyotangulia navyo vina mchango wao. Muuza mchele anaijua kanuni hii kwenye kazi yake mwenyewe: mizani haisomwi kabla mshale haujatulia.

“Shikamoo baba,” muuguzi alimwambia, “naomba uhamie kiti kile chenye egemeo, utulie dakika tano bila kuongea, halafu tupime tena.”

“Marahaba, binti. Ila mzigo unanisubiri.”

Alikaa hata hivyo. Shati lilivuliwa upande mmoja, mkono ukawekwa juu ya meza kwenye usawa wa moyo, na ukafungwa mkanda mpana zaidi. Kipimo cha pili kilisoma 166 kwa 102, na cha tatu, baada ya dakika moja, 162 kwa 100. Muuguzi alichukua wastani wa viwili vya mwisho, yaani 164 kwa 101, akauandika kwenye kadi pamoja na tarehe na saa. Chini yake aliandika: apimwe tena kituo cha afya ndani ya wiki moja.

Hapo ndipo upimaji wa bure unapofika mwisho wa uwezo wake. Kadi ile haikusema kwamba mtu huyu ana ugonjwa wa presha. Ilisema kwamba anapaswa kuchunguzwa. Presha ya mtu hubadilika saa hadi saa, na siku ya kwanza ya kupimwa huwa juu zaidi kwa wengi, ama kwa hofu, ama kwa uchovu, ama kwa ugeni wa jambo lenyewe. Utafiti uliofanyika Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 2003 ulilionyesha jambo hili waziwazi. Watu waliokutwa na presha siku ya kwanza walipofuatwa na kupimwa tena siku nyingine, wengi walishuka chini ya mpaka, hata idadi ya wagonjwa iliyokadiriwa mwanzoni ikapungua sana. Kwa hiyo kumwanzishia mtu dawa kwa kipimo kimoja cha sokoni ni kosa, isipokuwa pale hali ni ya dharura. Namba ikifika 180 kwa 120 au zaidi, ikaambatana na maumivu ya kifua, kukosa pumzi, macho kuona ukungu, kuchanganyikiwa au udhaifu wa upande mmoja wa mwili, mtu huyo hapaswi kusubiri wiki. Apelekwe hospitali saa hiyohiyo.

Kosa la upande wa pili ni kubwa zaidi, nalo ni kuiweka kadi mfukoni na kuisahau. Utafiti mwingine wa jijini humo, uliochapishwa mwaka 2008, uliwafuata watu waliothibitishwa kuwa na presha baada ya kupimwa mara kadhaa na kushauriwa waende kutibiwa. Mwaka mmoja baadaye, ni kama theluthi moja tu ya waliopatikana tena waliokuwa wamekwenda walau mara moja, na waliokuwa wakinywa dawa walikuwa wachache mno. Sababu si ngumu kuzielewa. Mtu asiyeumwa haoni anachotafuta hospitali. Mwenye kibanda akikifunga nusu siku anapoteza mauzo, na pengine wateja wanahamia kwa jirani. Haya ni mambo halisi, na mpango wa upimaji usioyafikiria unatoa namba bila kutoa tiba. Wapimaji makini huandika jina la zahanati iliyo karibu, siku za kliniki na saa za asubuhi zisizo na foleni, kisha wanampigia mtu simu baada ya siku chache.

Muuza mchele alipigiwa. Alikwenda kituo cha afya siku ya sita, akiwa amemwachia mke wake kibanda. Wastani wake ulikuwa 157 kwa 97. Aliporudi wiki mbili baadaye ulikuwa 153 kwa 96. Namba zilishuka kidogo kutoka zile za sokoni, kama ilivyotarajiwa, lakini zilibaki juu ya mpaka kwa siku tatu tofauti. Sasa daktari aliweza kusema bila shaka kwamba ni presha.

Vipimo vilivyofuata vilikuwa vya kutafuta madhara na sababu. Mkojo uliangaliwa kama una protini, dalili ya figo kuanza kuvuja. Damu ilipimwa sukari na kreatinini, taka ambayo figo dhaifu hushindwa kuitoa. Moyo ulipimwa umeme wake ili kuona kama umenenepa. Vyote vilikuwa salama. Hakukuwa na chanzo kimoja kilichoonekana, na ndivyo ilivyo kwa takriban watu tisa kati ya kumi wenye presha: ni mchanganyiko wa kurithi, umri, uzito, chumvi na mengineyo.

Kuhusu chumvi, ushauri wa jumla haukumsaidia, kwa sababu chakula cha mchana alikula kwa mama lishe. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi gramu tano kwa siku, kiasi cha kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa yote iliyomo chakulani. Sehemu kubwa ya chumvi yake iliingia kabla sahani haijamfikia, ndani ya supu, mchuzi uliokolezwa kwa vidonge vya viungo, na samaki wa chumvi. Aliloweza kulibadilisha aliambiwa kwa majina: aache kunyunyiza chumvi kwenye mishkaki na kachumbari, apunguze mchuzi juu ya wali, na samaki wa chumvi wawe wa siku moja moja badala ya kila siku.

Dawa aliyoanzishiwa ni amlodipini ya miligramu 5, kidonge kimoja kwa siku. Chaguo hilo lina msingi. Utafiti wa CREOLE, uliofanyika katika nchi sita za Afrika zikiwemo Kenya na Uganda na kuchapishwa mwaka 2019, ulionyesha kuwa kwa wagonjwa Weusi michanganyiko yenye amlodipini ilishusha presha vizuri zaidi kuliko mchanganyiko uliokosa dawa hiyo. Baada ya wiki nne kipimo chake kilisoma 146 kwa 91, akaongezewa kidonge kidogo cha haidroklorothiazaidi, dawa ya kutoa chumvi na maji kupitia mkojo. Alikinywa asubuhi ili asiamke usiku. Daktari alimtahadharisha pia kwamba amlodipini huweza kuvimbisha vifundo vya miguu, na kwamba likitokea hilo arudi abadilishiwe dozi au dawa, asiiache kimyakimya.

Mwezi uliofuata kipimo kilisoma 132 kwa 84. Hapa ndipo wagonjwa wengi hujikwaa: wanaona wamepona, wanaacha dawa, na ndani ya siku au wiki chache presha inarudi palepale bila dalili yoyote. Namba ile nzuri ilikuwa kazi ya vidonge vilivyomezwa kila siku. Kutokuumwa hakuwezi kumwambia mgonjwa kama dawa inafanya kazi. Mashine pekee ndiyo inayoweza. Vivyo hivyo, kumgawia jirani vidonge kwa kuwa naye “ana presha” ni hatari, maana dozi huchaguliwa kwa kuangalia figo, moyo na maradhi mengine ya anayezinywa.

Mgonjwa aliyeanza dawa hupimwa kila mwezi hadi presha itulie chini ya 140 kwa 90. Ikishatulia, Shirika la Afya Duniani linapendekeza arudi kliniki kila baada ya miezi mitatu hadi sita, na kadi ya vipimo vyake vyote aende nayo.