Pindo la mkeka: kona mbili zisipofanana, mteja anaona

Wauzaji wenzangu, mwaka jana nilirudishiwa mkeka wa ukindu. Mteja alituma picha na neno moja tu: "Umekosewa." Nikakataa, maana fundi alisuka vizuri. Nilipoitazama tena ile picha, nikaona kweli. Kona ya kushoto mistari ya pindo ilikuwa inalalia ndani, ya kulia inalalia kona. Nikarudisha hela na nauli nikalipa mimi.

Kosa lilikuwa langu, kwenye mchoro. Nilichora mstari mmoja wa mshazari, kama /, nikamwambia fundi aurudie kuzunguka mkeka mzima. Sasa chukua karatasi uchore huo mstari, halafu uzungushe nusu mzunguko, juu iwe chini. Bado ni /. Ndiyo maana kona zinazotazamana kimshazari zilifanana, lakini kona mbili za upande mmoja hazikufanana. Kuzungusha nusu mzunguko hakugeuzi mlalo.

Kinachogeuza ni kioo. Simamisha kioo kidogo cha mfukoni kando ya mchoro wako: / inakuwa \ palepale. Kwa hiyo mistari ianze kwenye kona moja ikilalia kati, na ikifika katikati ya upande igeuke. Inakutana kama paa la nyumba, /\, na kona zote mbili zinalingana.

Hapo ndipo hesabu inapoingia. Mkeka wangu, bila pindo, ni sentimita 180 kwa 120. Ua langu lilikuwa sentimita 12. Upande mrefu unaingia maua 15, mfupi 10. Kumi inagawanyika tano kwa tano, sawa. Ila 15 inabakiza ua moja katikati lisilo na mwenza, kwa hiyo paa linatokea upande mfupi tu, na mrefu unakuwa na kitu kingine.

Nikapunguza ua likawa sentimita 10. Mrefu maua 18, tisa kwa tisa. Mfupi 12, sita kwa sita. Kanuni ni hiyo: idadi ya maua iwe shufwa pande zote. Ikikataa, badilisha upana wa ua, usimwachie fundi alibane la mwisho. Ua lililobanwa linaonekana hata kwenye picha ya simu.

Kona zenyewe nimezipa kipande cha mraba chenye almasi katikati, kwa sababu almasi ukiizungusha robo mzunguko au ukiiakisi kwenye kioo inabaki ileile. Kwa hiyo inakaa kona yoyote kati ya zile nne.

Siku hizi nachora nusu ya upande mmoja tu kwenye daftari la hesabu, kutoka kona hadi katikati. Nusu nyingine namchorea fundi pia, imegeuzwa, ili asije akaizungusha akidhani ameigeuza. Kabla hajaanza kushona pindo ananitumia picha ya kona mbili za upande mmoja. Nazitazama hizo kwanza.