Kusafisha Kikasha chenye Maelfu ya Barua Pepe

Kikasha cha Gmail chenye barua 14,000 hakisafishwi barua moja moja, bali kwa mafungu. Kazi hii hufaa kufanywa kwenye kompyuta. Kisanduku cha kuteua kilicho juu ya orodha huchagua barua za ukurasa mmoja tu, kwa kawaida 50; kisha hutokea kiungo cha kuchagua zote zilizopatikana katika utafutaji. Asiyekibonyeza atarudia kazi hiyo mamia ya mara.

Fungu la kwanza ni matangazo ya biashara, ambayo Gmail huyatenga yenyewe:

```
category:promotions older_than:6m -is:starred
```

Amri hii huleta matangazo yaliyopitisha miezi sita, isipokuwa yaliyowekewa nyota. Kabla ya kuyafuta, jina la benki au la shirika la ndege huongezwa kwenye utafutaji, kwani risiti na tiketi huweza kujificha humo.

Fungu la pili ni barua nzito:

```
larger:10M older_than:2y
```

Nafasi ya bure ni gigabaiti 15, tena hutumiwa pamoja na Drive na Photos. Viambatisho vinavyohitajika hupakuliwa kwanza, ndipo barua hufutwa. Zilizofutwa hukaa kwenye Tupio siku 30, zikiendelea kula nafasi. Kulimwaga Tupio mapema hurudisha nafasi, lakini hufunga mlango wa kurejesha kilichofutwa kimakosa.

Zinazobaki, `in:inbox older_than:1y`, huwekwa kwenye kumbukumbu. Huko si kufuta: barua huondoka kikashani, lakini utafutaji bado huiona, na mtu akiijibu hurudi. Kwa hiyo kikasha huwa cheupe bila nafasi kuongezeka hata kidogo.

Mtego mkubwa uko kwenye mazungumzo. Gmail hukusanya barua na majibu yake mahali pamoja, na utafutaji unaweza kunasa mazungumzo yote kwa sababu ya barua moja ya zamani. Yakifutwa, jibu la juzi nalo huondoka. Dalili yake ni tarehe mpya katika orodha ya matokeo. Dawa ni kuzima mpangilio wa mazungumzo kwenye mipangilio kabla ya kufuta.

Baada ya usafi, kila aina ya barua hupewa muda wake. Namba za siri za kuingilia akaunti hazihitajiki baada ya siku moja. Mikataba na vyeti havipangiwi kufutwa. Kwa mfanyabiashara, sheria za kodi za Tanzania na za Kenya hudai kumbukumbu zitunzwe miaka mitano, na zaidi iwapo kuna shauri ambalo halijaisha. Risiti na ankara zikipewa lebo ya `kodi`, utafutaji mmoja kwa mwaka hutosha:

```
label:kodi older_than:7y
```

Miaka miwili ya ziada ni akiba, kwa sababu hesabu ya miaka mitano haianzi siku barua ilipopokewa, bali baada ya mwaka wa kodi husika.