Aya Mpya Katika Nafasi ya Zamani

Kila anayesikiliza redio Tanzania anaujua mwisho wa tangazo: "Vigezo na masharti kuzingatiwa." Kwenye bango, sentensi hiyo hugeuka aya nzima ya maandishi madogo pale chini, karibu na ukingo. Ndiyo inayosema nani anaruhusiwa kushiriki, mwisho ni lini na zawadi inachukuliwa wapi. Kwa hiyo ndiyo inayobadilika mara kwa mara, huku picha, jina la duka na rangi zikibaki vilevile.

Mama mmoja mwenye duka la vyombo aliniletea kazi ya namna hiyo. Bango lake la A3 lilikuwa na promosheni ya mwaka uliopita. "Mwanangu," aliniambia, "usiguse kitu kingine. Nibadilishie haya ya chini tu." Aliyelisanifu hapatikani tena, na faili pekee aliyokuwa nayo ni PDF. Kuitimiza kauli hiyo ya "haya ya chini tu" kulichukua nusu siku.

Swali la kwanza katika kazi hii ni kama maandishi yale bado ni maandishi au yamekwisha kuwa sehemu ya picha. Fungua faili na uikuze hadi asilimia 800. Herufi zikibaki na kingo kali, ni maandishi halisi au michoro yake, na unaweza kuyachagua na kuyafuta bila kugusa kilicho nyuma. Zikionekana kama vijiraba vya rangi, basi zimeganda kwenye picha, na lazima uzizibe. Za mama huyu zilikuwa zimeganda: herufi nyeupe juu ya kijani kilichokolea upande wa kushoto na kufifia taratibu kuelekea kulia.

Kabla ya kuziba, nilipima. Aya ilikuwa na upana wa milimita 120 na kimo cha milimita 24, mistari 7, na kila mstari ulibeba herufi kama 80, nafasi zikihesabiwa pia. Nilijaribu fonti zinazofanana nayo, nikiiweka kila moja juu ya maandishi ya zamani kwa uwazi wa asilimia 50, mpaka herufi zikalaliana. Ilikuwa saizi ya pointi 8, na kutoka mstari hadi mstari pointi 10. Pointi moja ni takribani milimita 0.35. Vipimo hivi huchukuliwa kabla ya kufuta chochote, kwa sababu aya ya zamani ndiyo rula yako.

Kisha nikaziba. Hapa niliwahi kuumia katika kazi nyingine. Nilichora mstatili wenye rangi ileile ya usuli, nikauweka juu ya maandishi, na kwenye skrini haukuonekana kabisa. Mabango 200 yalipotoka mashineni, kila moja lilikuwa na kiraka kilichopauka. Picha ilikuwa imehifadhiwa katika RGB, rangi za skrini, na mstatili wangu katika CMYK, rangi za wino. Mashine ilizitafsiri kila moja kwa njia yake. Tangu siku hiyo siwekei picha kiraka juu. Naifungua picha yenyewe katika Photoshop na kuliziba eneo lile ndani yake, ili kiraka na jirani zake wapite njia moja hadi kwenye wino. Usuli ukiwa unafifia, chukua rangi kwenye ncha zote mbili za eneo na uzichanganye taratibu. Na kama picha ina chembechembe, kiraka nacho kitiwe chembechembe, kwani sehemu laini kupita kiasi huonekana kama doa.

Sasa aya mpya. Mama alinipa maandishi yenye herufi 690. Nafasi ya zamani, mistari 7 ya herufi 80, inabeba 560, tena pasipo neno lolote kuvuka mwisho wa mstari. Hesabu hiyo ndogo inaonyesha mapema kwamba maneno hayataenea, kabla mtu hajaanza kuyabana.

Wengi hapo hushika kona ya kisanduku na kuibana aya kwa upande mpaka iingie. Usifanye hivyo. Herufi zikibanwa, mistari yake ya wima hukonda huku ya mlalo ikibaki na unene wake, na "o" hugeuka yai. Linganisha na maandishi mengine ya fonti hiyohiyo kwenye bango na utaona mara moja.

Njia sahihi huanza kwa maneno yenyewe. Sentensi moja ilisema: "Washiriki wote wanatakiwa kuwa na umri usiopungua miaka kumi na minane siku ya kushiriki." Ni herufi 89. Nilimpendekezea mama: "Mshiriki awe na miaka 18 au zaidi siku ya kushiriki." Ni herufi 52, na sharti halijapungua. Niliyaacha makusudi maneno "siku ya kushiriki", kwa kuwa yakiondoka, kijana atakayetimiza miaka 18 kabla ya siku ya droo angeweza kudai ana haki. Kwa namna hiyo tulifika herufi 570, na mama akasoma na kutia saini kila sentensi iliyobadilika. Msanifu hana mamlaka ya kupunguza sharti la mtu kwa sababu tu halikuenea.

Zilizobaki nilizimaliza kwa saizi. Nilipunguza pointi 8 kuwa 7.5, na kila mstari ukabeba herufi kama 85. Mistari 7 ikatosha, na umbali wa mstari hadi mstari ukabaki pointi 10. Laiti ningeongeza mstari wa nane, ningelazimika kuibananisha mistari yote, na jicho la msomaji lingepotea linaporudi kushoto. Sikushuka chini ya pointi 7, kwa sababu herufi nyeupe juu ya rangi huliwa na wino unaotanuka kwenye karatasi.

Kiswahili kina mtego wake hapa. Maneno yetu ni marefu, na programu nyingi hukata maneno kwa kanuni za Kiingereza. Inaweza kukuandikia "mas-harti", ikaipasua "sh" ambayo ni sauti moja. Silabi zetu nyingi huishia na irabu: ma-sha-rti haikubaliki, ila ma-shar-ti kwa neno hili la kukopa, na ku-thi-bi-ti-sha kwa lile. Zima ukataji wa programu, panga aya kwa kushoto, na panapolazimu kata mwenyewe kwa kufuata silabi.

Mwisho, chapisha sehemu ya chini tu kwenye karatasi ya kawaida, kwa ukubwa halisi wa asilimia 100, bila kuruhusu mashine ilipunguze bango litoshe ukurasa. Ibandike ukutani penye mwanga wa duka, simama hatua moja, usome mpaka nukta ya mwisho. Kisha mpe mtu ambaye hakuyaona mabadiliko, umuulize ni sehemu gani mpya. Mama wa vyombo alimpa binti yake bango, naye akaonyesha picha ya sufuria, ambayo hatukuigusa. Hapo ndipo nikatuma faili kiwandani.