Barua ya kuomba mapitio ya mshahara

Barua hii husimama juu ya kazi iliyofanyika. Kodi ya nyumba na ada za watoto, hata zikiwa mzigo wa kweli, hazimpi meneja hoja ya kupeleka kwa wakubwa wake. Tuseme mtunza ghala analipwa shilingi 600,000 kwa mwezi. Aeleze kwamba katoni zilizopotea zimeshuka kutoka 40 hadi 12 kwa mwaka, na aambatishe ripoti za kuhesabu mali. Kisha ataje mishahara ya kazi kama yake, katika mji uleule na kampuni za ukubwa uleule, yote kabla ya makato. Wengi hukosea hapa: hulinganisha wanachopokea mkononi na mshahara ghafi wa wenzao. Mwisho ataje kiasi anachoomba, mathalani 720,000, kabla bajeti ya mwaka haijafungwa.