Kosa Linalobaki Baada ya Kukata

Kompyuta inasoma picha ya tarakimu 7 iliyoandikwa kwa mkono. Inaipa 1 alama 2, 7 alama 1, na 9 alama 0. Softimaksi huzigeuza alama kuwa uwezekano: kila moja huwa kipeo cha e, kisha hugawanywa kwa jumla yao. Majibu ni 0.665, 0.245 na 0.090. Kompyuta imekosea, tena kwa kujiamini.

Hasara ya krosi-entropi hutazama uwezekano wa jibu sahihi tu, p: ni -ln p, hapa takribani 1.41. Swali ni hili: alama ya 7 ikipanda kidogo, hasara itabadilika kwa kasi gani?

Kuna hatua mbili. Kwanza, alama ya 7 ikipanda, p hupanda kwa kasi ya p(1 - p). Pili, p ikipanda, hasara hushuka kwa kasi ya 1/p. Zizidishe: p hukatana, na kinachobaki ni -(1 - p), yaani p - 1, au 0.245 - 1 = -0.755.

Kwa alama ya 1, softimaksi hutoa -0.245 × 0.665. Ikizidishwa kwa -1/0.245, hubaki 0.665 kamili: kilichotabiriwa kutoa sifuri. Kwa 9 ni 0.090. Jumla ya zote tatu ni sifuri.

Kukatana huko si urembo wa hesabu. Kwa hasara ya mraba, (1 - p)², ile p hubaki. P ikiwa 0.001, msukumo ni kama 0.002 tu, na mashine iliyopotea kabisa hujifunza kwa kujikokota. Kwa krosi-entropi msukumo ni 0.999.