Je, Wajua? Kitakasa mikono hakiui spora hizi

Mgonjwa aliyetibiwa nimonia kwa sindano za seftriaksoni anaweza kuanza kuharisha mara tatu au zaidi kwa siku, hata wiki kadhaa baada ya kumaliza dozi. Antibiotiki huua pia bakteria wema wa utumbo, na nafasi yao huchukuliwa na Clostridioides difficile, ambaye sumu yake hujeruhi utumbo mpana.

Bakteria huyu hutoka na kinyesi akiwa spora: amelala, ndani mkavu, nje amefunikwa kwa tabaka ngumu za protini. Alkoholi ya kitakasa mikono haimuui, na kwenye kitanda au kitasa anaweza kudumu miezi.

Ndiyo maana hospitali humtenga mgonjwa katika chumba chenye choo chake. Wahudumu huvaa glavu na gauni, kisha hunawa kwa sabuni na maji tiririka, kwani kusugua huziondoa spora mikononi. Kitanda, vitasa na choo husafishwa kwanza, halafu hupakwa klorini na kuachwa vimelowa kwa dakika zilizoelekezwa. Ikifutwa mapema, spora hubaki hai.

Ukiharisha wakati wa kutumia antibiotiki au baadaye, mweleze daktari, na usinywe dawa ya kufunga tumbo bila ushauri wake.