Laini Haipo, Simu Inaita

Toa laini kwenye simu yako, kisha tazama juu ya kioo. Pale lilipokuwa jina la kampuni patatokea maneno kama "Simu za dharura pekee". Wengi huyasoma kana kwamba simu imekufa, kumbe yana habari njema: simu imeshapata mnara na inausikiliza, ila mnara huo hautaipa kitu kingine isipokuwa njia ya kuomba msaada. Pasipo na mnara wowote huandikwa kwamba hakuna huduma kabisa, na hapo hata 112 haiendi popote.

Kila mnara hutangaza mfululizo namba ya nchi na ya kampuni yake. Tanzania ni 640, Kenya ni 639, halafu hufuata tarakimu za kampuni. Simu yenye laini husikiliza matangazo hayo na kutafuta kwanza mtandao wake. Tuseme uko barabarani porini na mnara unaosikika ni wa kampuni nyingine. Simu itabisha hodi, itakataliwa, lakini haitaondoka. Itabaki imetulia hapo kama mgeni barazani, bila kuruhusiwa ndani. Isiyo na laini hufanya vivyo hivyo, tena haina cha kuchagua: mnara wowote unaosikika vizuri unaifaa.

Ukibonyeza 112, simu haitumi ombi la kawaida. Hutuma ombi lenye alama ya dharura, na kwa alama hiyo mtandao huacha kuuliza maswali yake ya kila siku: wewe ni mteja wa nani, una salio, umesajiliwa? Simu isiyo na laini hujitambulisha kwa IMEI, ile namba ya tarakimu 15 inayotokea ukibonyeza *#06#. Katika mitandao ya 2G, simu ya dharura huwekewa alama tu. Namba uliyobonyeza yenyewe haisafiri. Mtandao ndio unaoamua ikaangukie kituo gani.

Hapo pana mtego. Simu lazima ijue yenyewe kwamba namba uliyobonyeza ni ya dharura. 112 na 911 inazijua siku zote, na isipokuwa na laini huongeza chache, 999 ikiwemo. Nyingine huzipata kwenye laini, kwenye mtandao inaposajiliwa, au kwenye orodha aliyoweka mtengenezaji. Kwa hiyo 114 ya Zimamoto Tanzania inaweza kuchukuliwa kama namba ya kawaida na kukataliwa, huku 112 ikipita palepale. Nyumba ikiungua na simu haina laini, piga 112 ueleze moto.

Mpango huu una udhaifu wake, na Australia iliuona tarehe 8 Novemba 2023. Mtandao wa Optus ulianguka nchi nzima. Wateja wake walipaswa kupata 000, namba ya dharura ya huko, kupitia minara ya washindani. Lakini watu 2,145 hawakuipata. Sababu ni kwamba mnara uliokatika mawasiliano na mitambo mikuu unatakiwa unyamaze, uache kutangaza, ili simu zihamie kwa jirani. Minara ya 3G ya Optus haikunyamaza yote. Simu ziliendelea kuisikia, zikaamini ziko nyumbani, zikang'ang'ania mnara usioweza kuzipeleka popote. Mdhibiti wa mawasiliano wa nchi hiyo aliitoza kampuni zaidi ya dola milioni 12 za Australia. Mnara uliozimika kabisa ungekuwa na madhara madogo kuliko ule uliobaki nusu hai. Mtu aliyenaswa hivyo anaweza kutoa laini: simu haitakuwa tena na mtandao wa kuuita wake.

Hata hivyo hilo si la kutegemea kila nchi. Ujerumani tangu 2009 haipokei simu ya dharura isiyo na laini, kwa sababu watoto na wachokozi walikuwa wakivijaza vituo kwa simu za mzaha ambazo hazikuweza kufuatiliwa. Uingereza nayo inataka laini iwemo, hata kama ni ya kampuni isiyosikika mahali hapo.

Lawama ya wapokeaji ina msingi. Simu isiyo na laini haina namba, na iliyo kwenye mnara wa kampuni nyingine haijasajiliwa pale, kwa hiyo ikikatika hakuna wa kukupigia tena. Mtandao unajua mnara uliotumia, lakini mnara mmoja wa 2G kijijini unaweza kufika hadi kilomita 35. Basi taja kwanza ulipo: kijiji, barabara, daraja au shule iliyo karibu. Kilichotokea ukiseme baada ya hapo, na usikate mpaka uambiwe.